Maneno 87 kabla ya nukta

Waraka ulirudi mezani kwangu siku ileile niliyoupeleka. Haukuwa na saini ya kuuidhinisha. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu, mkurugenzi wetu alikuwa ameandika maneno matatu: "Sasa nifanye nini?"

Nikaenda ofisini kwake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Akaugeuzia waraka upande wangu, akaweka kidole kwenye aya ya pili. "Mtu anadaiwa elfu themanini. Kaja kuomba masurufu ya safari nyingine. Apewe, asipewe?"

Nikajibu bila kusita: asipewe. Mama akainua simu, akampigia mhasibu, ambaye siku mbili kabla alikuwa ameusoma waraka wote na kuweka saini yake chini. Akamuuliza swali lilelile. Mhasibu naye hakusita: apewe tu, mbona deni lake ni dogo.

Mama akarudisha simu mahali pake, akanitazama. Sikuwa na la kusema.

Hiyo ni miaka kadhaa iliyopita, Arusha, kwenye shirika ambalo nusu ya watumishi wake walikuwa barabarani kila wiki, leo Longido, kesho Karatu. Mtumishi anapewa masurufu kabla ya kuondoka, yaani fedha za kutumia safarini, na akirudi anatakiwa alete risiti na chenji iliyobaki. Hayo ndiyo marejesho, na yalikuwa yanachelewa. Nikaagizwa niandike waraka wa kurasa mbili wa kupendekeza utaratibu mpya. Sentensi aliyoiwekea Mama kidole ni hii hapa. Nimeihifadhi mpaka leo.

"Kwa kuzingatia kuwa kumekuwepo na ucheleweshaji wa marejesho ya masurufu unaosababishwa na baadhi ya watumishi ambao, licha ya kukumbushwa mara kwa mara na Kitengo cha Fedha, hawawasilishi fomu ya safari ambayo imeidhinishwa na mkuu wa idara, inapendekezwa kwamba mtumishi yeyote ambaye hatafanya marejesho ndani ya siku 14 tangu aliporejea, isipokuwa yule ambaye safari yake iliongezwa kwa kibali cha maandishi au aliyeugua akiwa safarini, asipewe masurufu mengine na kiasi ambacho hakijarejeshwa kikatwe kwenye mshahara wake, baada ya kupewa taarifa ya siku 7, iwapo kiasi hicho kinazidi shilingi 100,000."

Ni maneno 87 kwa nukta moja. Na niseme ukweli, siku nilipoiandika nilijiona nimeandika. Haina kosa la sarufi hata moja. Mwalimu wangu wa sekondari angeipa alama nzuri.

Tatizo lake si urefu peke yake. Kuna sentensi ndefu ambayo msomaji anaipita bila kuona tabu, kwa sababu inakwenda mbele tu: alifika, akaripoti, akapewa chumba, akalala. Hii yangu haiendi mbele. Inafungua jambo, kabla halijaisha inafungua jingine ndani yake, na la tatu ndani ya hilo. Msomaji analazimika kushika mlango wa kwanza kwa mkono mmoja huku akiingia wa pili. Tazama neno "mtumishi" linapotajwa katikati. Kitenzi chake ni "asipewe". Kati ya mtumishi na asipewe kuna maneno 24, na ndani ya maneno hayo kuna safari iliyoongezwa, kibali cha maandishi na mgonjwa. Mtu anayesoma kwenye simu akiwa kwenye gari kuelekea uwanja wa ndege wa KIA, akifika "asipewe" amekwisha kumsahau asiyepewa ni nani.

Na kabla ya hapo amekwisha kutembea maneno 36 ya "kwa kuzingatia" bila kujua anaombwa nini.

Mtindo huu tumeurithi. Kiingereza cha sheria kiliuzoea kwa karne nyingi. Mwaka 1843 mwanasheria mmoja Mwingereza, George Coode, aliuchambua na kutaja mpangilio ambao kifungu cha sheria kingepaswa kuufuata: kwanza hali inayohusika, kisha sharti, kisha mtu anayeguswa, mwisho kabisa tendo lenyewe. Kwa mtunga sheria ulikuwa ni mpangilio wenye nidhamu, na uliwasaidia wengi. Lakini ona unavyomfanya msomaji asubiri tendo mpaka mwisho. Sisi tumejifunza kazi za ofisi kwa kusoma nyaraka za Kiingereza zenye harufu hiyo, na tulipohamia Kiswahili tukaja na sentensi zake mzigo mzima. Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha mwaka 2021 kwamba lugha ya sheria iwe Kiswahili, kazi ya kutafsiri vifungu hivyo imekuwa kubwa zaidi, na wanaoifanya nawaonea huruma. Ila waraka wa ofisini si kifungu cha sheria. Msomaji wake hayuko mahakamani. Anataka kujua aseme ndiyo au hapana, kisha aingie kikao kingine.

Jaribio langu la kwanza la kurekebisha lilikuwa baya kuliko sentensi yenyewe. Nilirudi mezani na hasira kidogo, nikaweka nukta kila nilipoona mkato. Ikatoka hivi: "Marejesho yanachelewa. Watumishi wamekumbushwa. Fomu haziwasilishwi. Masurufu yasitolewe. Makato yafanyike. Taarifa itolewe."

Mwenzangu wa Rasilimali Watu alisoma akacheka. "Umekuwa askari wa zamu?" Lakini kilichokuwa kibaya zaidi ya sauti ya kijeshi ni kwamba viungo vilipotea. Masurufu yasitolewe kwa nani, kwa wote? Taarifa itolewe kabla ya makato au baada yake? Nani akate? Ile sentensi ndefu ilikuwa imebeba masharti, ijapokuwa imeyabeba vibaya. Hizi fupi zimeyamwaga njiani. Kugawa sentensi bila kujua kila kipande kimefungwa kwa kipi ni sawa na kufungua injini na kutupa boliti.

Kwa hiyo nikaanza upya, safari hii kwa karatasi na kalamu. Niliandika kila kitenzi kwenye mstari wake, na mbele ya kila kitenzi nikaandika nani anafanya. Ukiacha vitenzi-jina kama "kukumbushwa" na "kupewa", vilitoka 14: kumekuwepo, unaosababishwa, hawawasilishi, imeidhinishwa, inapendekezwa, hatafanya, aliporejea, iliongezwa, aliyeugua, akiwa, asipewe, hakijarejeshwa, kikatwe, kinazidi. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi, na ndiyo iliyonifunza zaidi kuliko chochote kilichofuata.

La kwanza nililoliona ni nafasi zilizobaki wazi. "Inapendekezwa", na nani? "Kikatwe", na nani? Sikuwa nimesema. Kiambishi cha kutendwa, ile -w- ndogo kabla ya irabu ya mwisho, kinatupa ruhusa ya kumficha mtenda, na sisi watu wa ofisi tunaipenda sana ruhusa hiyo.

La pili lilinishangaza. Kanuni kuu ya utaratibu wote, kwamba mtumishi afanye marejesho ndani ya siku 14, haikuwa imesemwa popote. Ilikuwamo, lakini kinyumenyume, ndani ya kishazi tegemezi: "ambaye hatafanya marejesho ndani ya siku 14". Nilikuwa nimetaja adhabu ya kuvunja kanuni ambayo sijaitangaza. Na ile taarifa ya siku 7, ambayo ni wajibu wa mtu fulani kuiandika na kuipeleka, ilikuwa imejificha kwenye kitenzi-jina, "baada ya kupewa taarifa". Nani ampe?

Kutoka hapo nikachukua kalamu ya rangi nyingine na kuzungushia maagizo peke yake. Yalikuwa manne: mtumishi arejeshe ndani ya siku 14; asiporejesha asipewe masurufu mengine; apewe taarifa ya siku 7; deni likatwe. Maelezo mengine yote yalikuwa ama sababu, ama sharti, ama msamaha. Kila agizo likapata sentensi yake. Sasa ikabaki kuuliza kila sharti: wewe ni wa agizo lipi?

Hapo ndipo elfu themanini ya Mama ilipoanza kueleweka. "Iwapo kiasi hicho kinazidi shilingi 100,000" ilikaa mkiani, baada ya maagizo matatu. Mimi nilipoiandika nilikuwa nawaza makato peke yake: tusihangaike kukata mshahara wa mtu kwa fedha ndogo. Mhasibu aliisoma kama inatawala yote, hata kunyimwa masurufu. Na mtu wa tatu angeweza kusoma kwamba taarifa ya siku 7 ndiyo ya wenye deni kubwa, na wenye deni dogo wakatwe bila taarifa. Sarufi ya sentensi ilimruhusu kila mmoja. Nukta ingetulazimisha kuchagua, na kwa sababu hatukuweka nukta, hatukuchagua. Nilikwenda kwa mhasibu tukakubaliana: masurufu mapya hakuna kwa mwenye deni lolote, makato ni kwa deni la zaidi ya 100,000 tu.

Kuna utata mwingine ambao ni wa Kiswahili hasa. "Fomu ya safari ambayo imeidhinishwa": kilichoidhinishwa ni fomu au safari? Kwa kawaida ngeli hutuokoa. Ningeandika "kibali cha safari ambacho kimeidhinishwa", hakuna ambaye angekosea, maana kibali ni ki- na safari ni i-. Lakini fomu na safari zote ni za ngeli ya I-ZI, na "ambayo" inazikubali zote mbili bila kusema imeshika ipi. Maneno ya ofisini yamejazana kwenye ngeli hiyo: fomu, risiti, safari, taarifa, bajeti, ripoti, idara, fedha, hati. Weka mawili kati yake kabla ya "ambayo" na msomaji ataanza kubahatisha. Hali ni hiyohiyo kwa "mkuu wa mtumishi ambaye yuko likizo". Aliye likizo ni yupi? Dawa ni kukata na kulirudia jina. "Mkuu wa idara aidhinishe fomu." Basi. Kwenye waraka wangu sehemu hiyo ya fomu tuliiondoa kabisa, tukaipeleka kwenye maelekezo yaliyochapwa nyuma ya fomu yenyewe, kwa kuwa ndiko mjazaji anakoitafuta.

Kulirudia jina kunawapa watu shida, najua. Tumefundishwa kwamba kurudia neno ni umaskini wa msamiati, kwa hiyo ukishagawa sentensi unajikuta umejaza "hiyo", "hilo", "huyo", "hayo" kila mwanzo. Lakini kila "hiyo" inamrudisha msomaji kwenye sentensi iliyopita kutafuta mwenyewe. Mimi siku hizi nina kipimo kimoja: kama sentensi iliyotangulia ina majina mawili yanayoweza kuitwa "hiyo", naandika jina. Waraka haukutungwa ili usifiwe kwa msamiati.

Baada ya masharti nikaja kwenye misamaha, na hapa ndipo nilipoaibika kwelikweli. Sentensi ilimsamehe "yule ambaye safari yake iliongezwa kwa kibali cha maandishi". Nikaitoa ikae peke yake kwenye mstari wake, nikaisoma karibu na kanuni. Kanuni inasema siku 14 zinahesabiwa tangu mtumishi aliporejea. Sasa kama safari iliongezwa, si atarejea baadaye, na siku zake zitaanza kuhesabiwa hapohapo? Anasamehewa nini? Msamaha huo haukuwa na kazi yoyote. Ulikaa ndani ya sentensi kwa sababu ulisikika kama jambo la busara, na hakuna aliyeugundua kwa kuwa ulipita haraka katikati ya mikato. Nikaufuta.

Mgonjwa naye alileta swali lake. Tumesema hahusiki. Hahusiki mpaka lini? Milele? Nani aliamua? Hakuna. Ilibidi twende tukaamue, na uamuzi ukawa kwamba siku zake zianze kuhesabiwa anaporipoti kazini.

Kisha mwenzangu wa Rasilimali Watu, yule aliyenicheka, akasoma agizo la makato likiwa limesimama lenyewe: "Kitengo kitakata deni kwenye mshahara." Akasita. "Ngoja. Hili hatuwezi." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara wa mtu kwa sababu tu anamdai. Lazima kuwe na kitu kinachoruhusu, kama sheria nyingine au amri ya mahakama; na kama ni deni, mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Sisi hatukuwa na maandishi hayo kwa watu wote. Nikamuuliza, kwani ule waraka wa kwanza hukuusoma? Aliusoma. "Lakini pale 'kikatwe' ilikuwa imebanwa katikati, nikadhani ni maelezo."

Waraka uliotoka ulikuwa hivi:

"Naomba uidhinishe utaratibu huu, uanze tarehe 1 Julai.

Mtumishi akirudi safarini, atafanya marejesho ya masurufu ndani ya siku 14. Aliyeugua safarini atahesabiwa siku hizo tangu aliporipoti kazini.

Mtumishi asiporejesha kwa wakati, Kitengo cha Fedha hakitampa masurufu mengine mpaka arejeshe, hata kama deni ni dogo.

Deni likizidi shilingi 100,000, Kitengo cha Fedha kitampa mtumishi taarifa ya maandishi ya siku 7. Siku 7 zikipita bila marejesho, Kitengo kitakata deni kwenye mshahara, ikiwa mtumishi alikwisha kusaini fomu ya kukubali makato.

Naomba hivi kwa sababu baadhi ya watumishi wanachelewesha marejesho ingawa Kitengo cha Fedha kinawakumbusha."

Ukihesabu utakuta maneno 91. Yaani yamezidi ya mwanzo kwa manne, na msamaha mmoja na habari ya fomu vimeondolewa. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia "andika kwa ufupi" wanafikiri ni kupunguza karatasi. Hapa sentensi ni saba, ndefu kuliko zote ina maneno 18, na hiyo ndiyo tofauti.

Angalia pia masharti yanavyoingia. Waraka wa zamani ungesema "endapo itabainika kwamba mtumishi hajafanya marejesho". Kiswahili kinayo -ki- na -sipo-, na zinabeba sharti zima ndani ya kitenzi: akirudi, likizidi, zikipita, asiporejesha. Neno moja tu, na msomaji amekwisha kujua kwamba yuko kwenye sharti na tendo linakuja sasa hivi. Ndiyo maana sikuona haja ya kuyakimbiza masharti mwisho wa sentensi. Sharti la neno moja au matatu likikaa mbele halimchoshi mtu. Likifika maneno kumi, litafutie sentensi yake.

"Ambaye" na ndugu zake mara nyingi hupungua kwa njia hiyohiyo, mtumishi ambaye aliugua anakuwa aliyeugua. Lakini haiwezekani kila mahali. "Ambacho hakijarejeshwa" huwezi kukikunja ndani ya kitenzi. Wakati huo haukubali. Nilihangaika nacho kidogo kabla ya kukumbuka kwamba kiasi ambacho hakijarejeshwa kina jina lake mtaani na ofisini: deni. Sijui kwa nini nilikuwa nalikwepa. Nadhani lilionekana kali.

Na kuna sentensi moja ambayo niliiacha bila kuigawa, ile ya mwisho. "Kwa sababu" ikitengwa na jambo lake, msomaji anabaki na malalamiko yanayoelea. Ile "ingawa" nayo nikaiacha, maana kuchelewa baada ya kukumbushwa si sawa na kuchelewa tu.

Kabla ya kuupeleka kwa Mama nilifanya jambo moja ambalo nalifanya mpaka leo. Nilimpa mhasibu nakala, na nyingine nikampa mwenzangu wa Rasilimali Watu, kila mmoja kwake, nikawauliza maswali yaleyale matatu kwa mdomo. Mwenye deni la elfu themanini apewe? Mwenye deni la laki mbili ambaye hakusaini fomu ya makato, afanyweje? Aliyelazwa Karatu wiki tatu, siku zake zinaanza lini? Majibu yakafanana kwa yote matatu. Yangetofautiana hata kwa moja, ningejua ni sentensi ipi ya kurudia.

Mama aliurudisha jioni. Safari hii kulikuwa na saini, na tarehe, na neno "Sawa". Lakini kalamu nyekundu ilikuwa imepita kwenye aya ya pili: 14 imekatwa, juu yake imeandikwa 10. Nilipomuuliza, akasema namba hiyo hajawahi kuipenda, ila kwenye ule waraka wa kwanza hakuiona.

Mhasibu hajanisamehe. Anasema siku 14 zilikuwa zinamtosha vizuri sana.